Gramu 15 za Sukari

Muhula uliopita, katika darasa la insha, mwenzetu mmoja alisoma kazi yake kuhusu maduka ya mitaa ya Kampala. Alisema kwamba mwenye duka anayefungua mfuko wa sukari wa kilo 50 na kuugawa katika vifuko vya shilingi 500 ni mnyonyaji, kwa kuwa maskini hulipia kilo moja bei kubwa kuliko tajiri anayenunua kilo kwa mara moja. Akapendekeza serikali ipige marufuku vifuko hivyo, kama ilivyopiga marufuku vifuko vya waragi mwaka 2019. Darasa likampigia makofi. Mimi sikupiga, na mhadhiri alipouliza kama kuna mwenye maoni tofauti, nilinyamaza. Insha hii ni yale ambayo ningeyasema siku ile kama ningekuwa na ujasiri.

Sina haja ya kujificha. Karo yangu ya mwaka wa kwanza ilitoka kwenye vifuko hivyo. Shangazi yangu ana duka Bwaise, na tangu nikiwa kidato cha pili kazi yangu ya Jumamosi ilikuwa kufunga sukari, unga na mafuta ya kula. Kwa hiyo mtu anaweza kusema natetea tumbo langu. Aseme. Lakini asome kwanza mpaka mwisho, maana sitamtetea shangazi katika kila jambo.

Tuanze na hoja ya mwenzetu, kwamba kifuko kidogo ni unyonyaji. Mama anayekaanga mandazi karibu na duka letu hupata fedha zake asubuhi, baada ya wapita njia kununua. Jioni ana shilingi 5,000 au 6,000, na humo atoe unga wa kesho, mafuta ya kesho, mkaa, na chakula cha watoto. Kumwambia anunue kilo nzima ya sukari kwa shilingi 4,000 kwa kuwa ni nafuu ni sawa na kumwambia watoto wasile leo. Zaidi ya hayo, aliwahi kuniambia jambo ambalo sijalikuta katika kitabu chochote cha uchumi tulichopewa kusoma: hata siku akiwa na fedha hanunui kilo, kwa sababu sukari ikiwa ndani ya nyumba inalika. Watoto wanaiona, mgeni anaiona, shemeji anaongeza kijiko cha tatu kwenye chai. Kifuko cha 500 kikiisha kimeisha, na hakuna wa kumlaumu. Kifuko kile ndicho kipimo chake cha matumizi, na amekichagua kwa akili zake. Anayetaka kukipiga marufuku anataka kumnyang'anya mama huyu daftari lake la hesabu.

Mfano wa waragi nao haufai. Vifuko vile viliondolewa kwa sababu viliifanya pombe kuwa rahisi kubebwa hata mfukoni mwa mtoto wa shule. Sukari ya chai na mafuta ya kukaangia mchicha havina hatari hiyo. Wanaosema habari ya uchafu wa nailoni wana hoja ya kweli, na mitaro ya Bwaise wakati wa mvua ni shahidi wao, lakini hiyo ni hoja juu ya kavera, yaani kifuko chenyewe. Haigusi ukubwa wa kilichomo.

Basi unyonyaji uko wapi? Upo, nami nimeushika kwa mikono yangu. Ila haupo pale mwenzetu alipouonyesha.

Mwaka jana, likizoni, nilipata mizani ndogo ya jikoni, ya betri, iliyoachwa na rafiki aliyehama hosteli. Jumamosi moja, kwa udadisi tu, nilipima vifuko vitano vya sukari nilivyokuwa nimevifunga mwenyewe. Sisi tulijua kwamba kifuko cha 500 ni gramu 125, yaani nusu ya robo kilo. Hivyo ndivyo shangazi alivyowaambia wateja kwa miaka. Kizito kuliko vyote kilikuwa na gramu 118. Chepesi kuliko vyote kilikuwa na gramu 104. Hakuna hata kimoja kilichofika 125, na aliyefunga ni mimi, mtoto wa nyumbani, bila nia mbaya yoyote.

Sababu ni kwamba hatukuwa tunapima uzito. Tulikuwa tunapima kwa kikombe, kifuniko cha chupa ya chai kilichotiwa alama ya kalamu ndani. Kikombe hupima nafasi, na nafasi na uzito ni vitu viwili. Sukari kavu inayotiririka hujaa vizuri, lakini sukari iliyoshika unyevu hushikana na kuacha mianya, nayo nyumba za Bwaise hazikosi unyevu. Mkono uliochoka saa nne usiku hausawazishi kikombe kama mkono wa asubuhi. Na alama ya kalamu, ambayo shangazi aliiweka miaka mingi nyuma, ilikuwa imefutika na kuchorwa upya mara kadhaa, na kila mara, sijui kwa bahati gani, ilishuka kidogo. Haikuwahi kupanda.

Ukitaka kuona jinsi kikombe kinavyodanganya, chukua tumpeko, kile kikombe cha nusu lita kinachojulikana katika kila soko la Uganda. Watu wengi huamini kwamba tumpeko moja ni nusu kilo. Nusu kilo ya maji, ndiyo. Maharage yaliyosawazishwa mdomoni mwa tumpeko huwa kama gramu 400, kwa sababu kati ya punje na punje kuna hewa. Unga wa mahindi ni mbaya zaidi: uliochekechwa na kumiminwa taratibu huwa mwepesi, na ule ule ukigongwagongwa kikombe mezani hushuka na kuacha nafasi ya vijiko kadhaa. Muuzaji anayemimina bila kugonga, na yule anayegonga mara tatu, wote wameuza tumpeko moja, na wote wataapa kwamba ni waaminifu. Ndiyo maana wanawake sokoni hudai kilele, ule mlima mdogo juu ya kikombe. Wanajua kikombe hakitoshi, ila hawajui kimepungua kwa kiasi gani.

Nilimwonyesha shangazi mizani. Alikasirika kwanza. "Kwa hiyo chuo kimekufundisha kuniita mwizi, mwanangu?" Kisha akanyamaza, akavuta daftari, na tukafanya hesabu pamoja. Naileta hapa kama ilivyokuwa, kwa kuwa ndiyo moyo wa jambo lote.

Wiki ile mfuko wa kilo 50 alikuwa ameununua kwa shilingi 180,000. Bodaboda ilichukua 5,000. Katika kufunga, sukari kama nusu kilo hupotea: inayomwagika, inayobaki kwenye mishono ya mfuko, inayoliwa na sisi wafungaji. Tuseme zimebaki kilo 49 na nusu. Ukifunga gramu 125 kamili, unapata vifuko 396, na mauzo ni 198,000. Vifuko vitupu ni shilingi 1,500 kwa mia moja, yaani karibu 6,000. Toa vyote, anabaki na shilingi 7,000 hivi. Mfuko mmoja humchukua karibu wiki kuuza. Kutokana na 7,000 hizo alipe kodi ya chumba cha duka, umeme, na vifuko vya deni ambavyo havitalipwa kamwe.

Sasa funga gramu 110 badala ya 125. Hakuna jicho litakaloona tofauti. Nimejaribu kwa kuviweka viwili mkononi na kufumba macho, sikuweza kusema kizito ni kipi. Vifuko vinakuwa 450, mauzo 225,000, na baada ya kutoa gharama zote anabaki na shilingi 33,000 na ushei. Gramu 15, kijiko kimoja cha mezani na zaidi kidogo, zimeizidisha faida karibu mara tano.

Hapo nilielewa mambo mawili kwa pamoja. La kwanza, kwamba shangazi hakuwa tajiri anayenyonya. Kwa gramu 125 duka lingefungwa, na yule mama wa mandazi angepanda bodaboda kwenda Kalerwe kutafuta sukari, akalipa nauli inayozidi thamani ya kifuko. Gramu 110 kwa 500 ni bei inayoliweka duka hai. La pili, kwamba tulikuwa tumeipata bei hiyo kwa uongo. Gramu 110 zinazouzwa kama 110 ni biashara. Gramu 110 zinazouzwa kama 125 ni wizi, hata kama faida ni ile ile na hata kama mwizi hajui kwamba anaiba.

Mtaniambia tofauti hiyo ni ya maneno tu, kwa kuwa mteja anaondoka na sukari ile ile. Sikubali. Mama wa mandazi akinunua kifuko kila siku kwa mwezi, anatoa shilingi 15,000. Akidhani ni gramu 125, anadhani amepata kilo tatu na robo tatu, na kwamba hakupoteza chochote kuliko anayenunua kwa kilo. Kwa kweli amepata kilo tatu na gramu 300, ambazo kwa bei ya kilo nzima zingemgharimu 13,200. Shilingi 1,800 kwa mwezi ndiyo gharama ya kununua kidogo kidogo. Si nyingi, na pengine angeilipa kwa hiari ili shemeji asione sukari. Lakini pengine angesema, kwa sukari naendelea na vifuko, kwa mafuta nitachanga na jirani tununue lita nzima. Uamuzi huo hawezi kuufanya kama idadi imefichwa. Na duka la pili likija na kufunga gramu 120 kwa bei ile ile, hana njia ya kujua kwamba ni nafuu. Muuzaji mwaminifu hushindwa na muuzaji wa kijiko kifupi, kwa sababu mtaani wote wawili huonekana sawa.

Hili linafanyika hasa kwa sababu ya sarafu. Bei ya mfuko ikipanda kutoka 180,000 hadi 200,000, muuzaji wa kilo hupandisha bei na kila mtu analalamika waziwazi. Muuzaji wa kifuko cha 500 hawezi kuuza kwa 555. Sarafu ya 50 haionekani tena madukani, na hata ya 100 watu huipokea kwa kununa. Kwa hiyo bei inasimama na sukari inapungua. Maskini hasikii habari ya kupanda kwa bei. Anaisikia kwenye chai, siku ya tatu, bila kujua amlaumu nani. Siku moja jirani mmoja alikuja na kifuko akakimimina mbele ya shangazi kwenye kikombe chake cha nyumbani. "Nyabo," alisema, "mia tano ya leo siyo mia tano ya Jumatatu." Shangazi aliapa kwamba ni ile ile. Nami nilikuwa nimesimama pale, nimekifunga mimi, na sikujua nani anasema kweli. Hakurudi dukani kwa miezi miwili.

Kwa hiyo pendekezo langu ni fupi, nami nalielekeza kwa wenzangu zaidi kuliko kwa serikali, kwa kuwa wengi wenu mmeanza biashara hii hii katika vyumba vya hosteli na mnaisifu kama ubunifu. Pima kwa mizani, andika gramu, na idadi ikibadilika, ibadilishe machoni pa watu. Karatasi moja ukutani inatosha: "Leo sukari ya 500 ni gramu 110." Mfuko ukipanda, andika 100. Ukishuka, andika 115. Na mizani iwe juu ya meza, upande wa mteja, ili anayetilia shaka aweke kifuko chake mwenyewe.

Najua mtakayosema juu ya gharama. Mizani ya jikoni kama ile yangu ni rahisi, lakini haifai kwa biashara, nami nilijifunza hilo kwa aibu. Inayumba betri inapochoka, na sheria inataka mizani ya dukani iwe imehakikiwa na kupigwa muhuri na Shirika la Viwango la Uganda, kazi inayorudiwa kila mwaka. Mizani ya sahani iliyohakikiwa ni fedha ya kweli kwa duka la faida ya 33,000 kwa mfuko. Ila haihitaji kutumika kwa kila kifuko. Pima vifuko kumi pamoja, vinapaswa kufika kilo moja na gramu 100. Pima tena kumi kila baada ya mia. Hitilafu ya mkono itajionyesha. Na maduka matatu jirani yanaweza kununua mizani moja kwa kuchanga, maana kufunga hufanywa mara moja kwa wiki.

Kuhusu mafuta sina jibu zuri kama hilo, na nitakuwa mkweli. Mafuta hununuliwa kwa jerikani ya lita 20 na kuuzwa kwa kavera iliyofungwa fundo au chupa ya maji iliyotumika. Hapa lugha yenyewe inachanganya: wateja huomba "robo kilo ya mafuta" na kupewa robo lita. Lita moja ya mafuta ya kula ina uzito wa gramu 920 hivi, siyo kilo, kwa hiyo robo lita ni gramu 230. Pungufu ni dogo, na akiandika lita aseme lita, yameisha.

Tatizo kubwa ni mambo mengine mawili. Mafuta ya mawese yaliyosafishwa, ambayo ndiyo mengi katika maduka yetu, huganda kidogo usiku wa baridi, na ile sehemu nzito hushuka chini ya jerikani. Wateja wa kwanza hupata mafuta mepesi yanayong'aa, wa mwisho hupata uji mweupe na kudhani umechanganywa na kitu. Haujachanganywa. Jerikani iwekwe mahali penye joto mpaka mafuta yaonekane safi, kisha itikiswe kabla ya kumimina. Hilo ni rahisi. La pili ni gumu: kwa kanuni za Uganda mafuta ya kula hutiwa vitamini A kiwandani, na vitamini hiyo huharibiwa na mwanga. Jerikani ya rangi huizuia. Chupa angavu iliyopangwa nje ya duka, kwenye jua, ili wapita njia waione ikimeremeta, haiizuii. Wanaonunua kwa chupa zile ni haohao ambao vitamini iliwekwa kwa ajili ya watoto wao. Na tunapomimina tunaitupa lebo pia, yenye tarehe na namba ya toleo, kwa hiyo siku mafuta mabaya yakiingia sokoni hakuna atakayejua chupa ipi imetoka wapi. Tulichoweza kufanya ni kuzihamishia chupa ndani, kwenye rafu ya nyuma, na kuandika tarehe ya kufungua jerikani kwa kalamu ya wino mzito. Mauzo ya mafuta yalipungua wiki ya kwanza, kwa kuwa hayaonekani barabarani. Shangazi amenikumbusha jambo hilo mara nyingi.

Karatasi ya sukari, hata hivyo, iko ukutani. Aliiandika mwenyewe, kwa Kiganda, herufi kubwa, gramu 110. Siku ya kwanza wateja wawili waligomba, wakisema duka limepunguza sukari. Shangazi akawajibu kwamba hakupunguza kitu, sukari ilikuwa hivyo muda wote. Nilimkanyaga mguu chini ya meza lakini alikuwa ameshasema. Mmoja aliondoka. Wa pili, yule jirani aliyekuwa ametususa, alikaa kimya kidogo, akachukua kifuko, akakiweka juu ya mizani, akasoma. Ilikuwa gramu 111. Akauliza kama ya ziada ni bure.